Karatasi ya nailoni si nailoni: dhana potofu kuhusu polima

Dhana: karatasi ya nailoni, kamba ya manila na kitambaa cha hema ni kitu kimoja.

Ukienda Soko la Mbuyuni hapa Moshi ukaulizia nailoni ya kufunikia kahawa mvua ikinyesha, utakatiwa karatasi angavu kwa mita. Hiyo ni polithini. Kamba za manila mara nyingi ni polipropilini, na salfeti za mahindi vilevile. Nailoni halisi utaikuta kwenye mahema mengi ya wapanda mlima.

Unaweza kupima mwenyewe. Kata vipande vidogo, viweke kwenye bakuli la maji yenye tone la sabuni, kisha vibinye humo ndani mpaka mapovu ya hewa yaishe. Lita moja ya polithini ya karatasi ina uzito wa takriban kilo 0.92, na ya polipropilini kilo 0.90, kwa hiyo zitaelea. Nailoni ina kilo 1.14, nayo itazama. Ila kuzama peke yake si ushahidi kamili, maana poliesta nayo huzama.

Dhana: polithini bado ina bondi maradufu kwa kuwa imetokana na ethini.

Ethini ni kaboni mbili zilizoshikana kwa bondi maradufu. Kianzishi, kwa mfano peroksaidi, huvunjika na kutoa kipande chenye elektroni isiyo na mwenza. Kipande hicho hufungua bondi ya ethini moja na kujishika kwenye kaboni yake ya kwanza; kaboni ya pili sasa ndiyo yenye elektroni pweke, nayo hufungua ethini inayofuata. Mnyororo mmoja hukusanya maelfu ya ethini kwa muda mfupi mno, huku ethini nyingine bado hazijaguswa. Kila iliyoingia imebaki na bondi za kawaida tu, ndiyo maana ethini hufuta rangi ya maji ya bromini lakini polithini haifuti. Hakuna kinachotoka pia: kilo 28 za ethini zikiungana zote hutoa kilo 28 za polithini. Hii ndiyo polima ya nyongeza.

Dhana: nailoni nayo hukua vivyo hivyo.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea, na ndipo kemia yenyewe inapokuwa tamu. Nailoni 6,6, iliyotengenezwa mwaka 1935 na timu ya Wallace Carothers katika kampuni ya DuPont, ina monoma mbili, yaani molekuli ndogo zinazoungana kuwa mnyororo. Moja ina kundi la asidi kila ncha, nyingine ina kundi la amini kila ncha, na kila moja ina kaboni sita. Asidi ikikutana na amini, huungana na kutoa molekuli moja ya maji. Chukua gramu 146 za asidi na gramu 116 za amini, jumla 262. Zikiungana zote katika minyororo mirefu utapata takriban gramu 226 za nailoni, na gramu 36 zitakuwa zimetoka kama maji. Hii ndiyo polima ya kondensesheni.

Hakuna kianzishi kinachovuta monoma moja baada ya nyingine. Ncha yoyote huungana na ncha yoyote inayoiafiki: mbili huwa jozi, jozi hukutana na jozi. Kwa hiyo chungu hujaa minyororo mifupi kwa muda mrefu. Asilimia 95 ya ncha zikiwa zimeshaungana, mnyororo wa wastani una monoma 20 tu, na huwezi kuvuta uzi imara kutokana nao. Zikifika asilimia 99, unakuwa na monoma 100. Urefu huja mwishoni kabisa.

Vipimo navyo havisamehe. Ukizidisha amini kwa asilimia 5, wastani hautapita monoma 40 hivi, hata ukipika siku nzima, kwa sababu kila ncha iliyobaki ni amini isiyo na asidi ya kuungana nayo. Viwanda hukwepa tatizo hili kwa kuunganisha kwanza asidi na amini kuwa chumvi, molekuli moja ya asidi kwa moja ya amini, kisha kuipasha moto na kuutoa mvuke. Maji yakibaki humo, huanza kuvunja tena viungo vilivyokwisha kuundwa.

Dhana: polima ya kondensesheni lazima itoe maji.

Katika jaribio la maabara la kuvuta uzi wa nailoni, hutumika kloridi ya asidi badala ya asidi yenyewe. Kinachotoka ni haidrojeni kloridi. Kinachohitajika ni molekuli ndogo itoke, iwe maji au nyingine.

Dhana: hema la nailoni likilegea kwenye mvua limechakaa.

Wapagazi wa njia ya Machame ya kupanda Kilimanjaro hukaza tena kamba za hema baada ya mvua ya msituni. Pale asidi na amini zilipoungana pamebaki kundi la amidi, nalo huvuta molekuli za maji. Nailoni hunywa maji, hurefuka kidogo, kisha hukaza ikikauka. Polithini haina kundi hilo. Poliesta nayo ni polima ya kondensesheni, lakini ina esta mahali pa amidi, kwa hiyo hunywa maji kidogo sana, na hema lake halilegei sana likilowa.