Mkao wa mbio: kwa nini mabega yanapanda kilomita za mwisho

Anayekimbia nusu marathoni Dodoma huwa anaijua hali hii. Mpaka kilomita ya 16 anakwenda vizuri, dakika 6 kwa kila kilomita. Akifika ya 18, kwa bidii ileile, saa inamwonyesha 6:20, halafu 6:30. Analaumu miguu. Kweli imechoka, lakini mtazame kutoka pembeni: mabega yamepanda karibu na masikio, ngumi zimekazwa, kiuno kimekunjika. Mkao wa mbio ndio huo: jinsi kichwa, mabega, mikono na kiwiliwili vinavyokaa wakati miguu inafanya kazi. Uchovu ukiingia, mkao unaharibika, na mkao ulioharibika unaongeza uchovu.

Mabega hayapandi kwa bahati mbaya. Mtu akihema sana, misuli ya shingo na ya juu ya mabega huingia kusaidia kuinua mbavu. Ongeza na ile hali ya kujikaza, basi misuli hiyo inabaki imevutwa muda wote, na mkono unaoning'inia kwenye bega lililokaza hauwezi kwenda na kurudi kwa urahisi.

Na mkono una kazi. Mguu wa kulia ukienda mbele, nyonga inavuta mwili ugeukie kushoto. Mkono wa kushoto, unaokwenda mbele wakati huohuo, ndio unaousawazisha. Waliopimwa wakikimbia huku wamekunja mikono kifuani walitumia nishati zaidi kwa takribani asilimia 9. Hakuna anayekimbia hivyo barabarani, lakini ngumi zilizobanwa kifuani kwenye kilomita ya 19 zinakaribia kufanana na hilo. Dalili ya pili ni ngumi kuvuka katikati ya kifua: kiwiliwili kinaanza kuyumba kushoto na kulia, badala ya nguvu yote kwenda mbele.

Utajuaje kama ni wewe? Kwa Dodoma kuna kioo cha bure. Ukirudi mjini asubuhi kutoka Ihumwa kupitia Nzuguni, jua liko mgongoni na kivuli chako kiko mbele yako lamini. Tafuta shingo. Ikiwa kichwa kimekaa juu ya mabega kama hakina shingo kabisa, umeshapandisha. Ila usikodolee kivuli muda mrefu, maana kutazama chini nako kunavuta kichwa na mgongo mbele. Jicho likae mita 20 au 30 mbele.

Kurekebisha kunachukua sekunde chache. Pandisha mabega kwa makusudi mpaka yaguse masikio, kisha pumua nje kwa nguvu na uyaachie yaanguke. Ning'iniza mikono kwa hatua tano au sita, itikise kidogo, halafu ikunje tena. Vidole vifunge kana kwamba umeshika zabibu mbivu ambayo hutaki ipasuke. Sasa fikiria kiwiko kurudi nyuma tu. Kwenda mbele kutajileta kwenyewe. Kidole gumba kipite karibu na ukingo wa juu wa bukta. Rudia kila kilomita, kwa sababu mabega yatapanda tena, hilo usitilie shaka. Na kila mara chagua agizo moja: mtu aliyechoka akijipa maagizo matatu kwa mpigo hatekelezi hata moja.

Kiwiliwili kina mtego wake, hasa miezi ya upepo mkali. Ukikimbia kuuelekea upepo unajikuta unainama kiunoni, goti linashindwa kupanda vizuri na mguu unatua mbele mno. Kuegemea mbele kidogo ni sawa, mradi kuanzie kwenye vifundo vya miguu, mwili ukiwa umenyooka. Jiambie "kuwa mrefu" na kiuno kitafunguka. Usichanganye hili na kusukuma kifua kwenye mstari wa mwisho. Septemba 2025 huko Tokyo, Alphonce Simbu, mwana wa Singida, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa sekunde 0.03 tu mbele ya Amanal Petros wa Ujerumani, na wote wakaandikiwa 2:09:48. Kinachohesabiwa mstarini ni kiwiliwili, kwa hiyo kukisukuma mbele pale kuna maana. Lakini hiyo ni kazi ya hatua mbili tatu za mwisho, si ya kilomita tatu.

Haya yote hayarudishi nguvu zilizokwisha. Ukiwa ulianza kwa kasi kubwa mno, au hukunywa maji, mabega yaliyolegea hayatakurudisha kwenye 6:00. Pengine yatakuzuia tu usiporomoke mpaka 7:00. Wala usilazimishe kiwiko kiwe pembe mraba kamili, kila mtu ana wake. Ila bega moja likishuka huku unachechemea upande mmoja, hapo tatizo si mkao. Kuna kinachouma, tembea.