Madirisha ya Nyumba ya Pwani: Yanayosemwa na Yanayotokea

Ukijenga Kigamboni, Kunduchi au Mbweni, kila fundi ana jibu la madirisha kabla hujamaliza kuuliza. Mengi ya majibu hayo yana ukweli ndani yake, ila yanaifaa zaidi nyumba ya Kibaha au Morogoro. Hapa nazungumzia nyumba iliyo mita mia mbili au tatu kutoka ufukweni, upande mmoja ukipigwa na kusi kwa miezi kadhaa kila mwaka.

"Alumini haishiki kutu, ukiweka umemaliza"

Kutu ile nyekundu haishiki, kweli. Alumini hujikinga kwa utando mwembamba unaojitengeneza wenyewe hewani. Chumvi ya bahari huutoboa utando huo sehemu sehemu, na hapo utaona vishimo vidogo vyenye unga mweupe. Kwenye fremu nene, vishimo hivyo vitaharibu sura kwa miaka mingi kabla ya kuharibu dirisha.

Kinachoangusha dirisha la alumini mapema ni vitu vilivyofungwa nalo. Fundi akitumia skrubu za chuma cha kawaida zilizopakwa zinki, zinki ikiisha chuma kinagusana na alumini penye maji ya chumvi, na metali mbili zikikutana hivyo alumini ndiyo inayoliwa. Utaona rangi imevimba kuzunguka kichwa cha skrubu, ukiigusa inabanduka. Dai skrubu za chuma kisichoshika kutu, zile za daraja 316, na uende dukani na sumaku: skrubu ya kawaida itanata kwa nguvu, ya 316 haitanata au itashika kidogo sana.

Halafu angalia chini, kwenye reli ya dirisha la kusukuma. Mchanga na chumvi hukusanyika humo, na rola zenye vyuma ndani hukwama. Reli ina vitundu vya kutolea maji upande wa nje. Vikizibwa na mchanga au na silikoni ya fundi mwenye haraka, mvua ya masika inafurika ndani chumbani. Kabla ya kumlipa fundi, mimina kikombe cha maji kwenye reli uone yanatokea wapi.

Rangi nayo ina tofauti. Alumini ya anodaizi ni ile ambayo utando wake umeongezwa unene kwa umeme. Kwa nyumba ya ufukweni ulizia mikroni 20 hadi 25. Ile ya rangi ya poda ni nzuri pia, lakini huanza kuharibika pale ilipokatwa, kwa sababu kwenye ncha za mkato hakuna rangi. Na usikubali fremu ifungwe kabla ya plasta kukauka bila kufunikwa nailoni. Saruji mbichi huichoma alumini na kuacha madoa ya kijivu ambayo hakuna sabuni itakayoyatoa.

"Chuma ndicho cha mwenye bajeti ndogo"

Inategemea kama utapaka rangi. Hapa ndipo watu wengi wanapoliwa pesa, kwa hiyo tupige hesabu.

Chukua dirisha moja la futi tano kwa tano, upande wa bahari. Bei hizi ni za mfano, weka za fundi wako. Tuseme la chuma, grili ikiwa imechomelewa humo humo, ni shilingi 220,000. La alumini ni 350,000, na grili yake 120,000, jumla 470,000. Kwa kuangalia bei ya siku ya kwanza, chuma kimeshinda kwa mbali.

Sasa miaka ishirini. Chuma upande huo kinahitaji kusuguliwa kwa brashi ya waya, kupigwa redi oksaidi na rangi ya mafuta kila baada ya miaka mitatu hivi. Ukihesabu 40,000 kila mara, kwa mara sita ni 240,000, jumla 460,000. Kwenye alumini utabadilisha rola na mipira, tuseme mara tatu kwa 30,000, na ile grili ya chuma itapakwa mara sita kwa 20,000. Jumla inafika 680,000.

Kwa hiyo chuma bado ni nafuu, ila kwa mwenye nyumba asiyeruka hata zamu moja ya rangi. Akipuuza, mambo yanageuka. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9223 kinakadiria kwamba chuma tupu kwenye mazingira makali ya chumvi hupoteza kati ya mikroni 80 na 200 kwa mwaka wa kwanza. Skwea paipu nyingi za madirisha zina unene wa milimita 1.2, yaani mikroni 1,200, na zinaliwa nje na ndani, maana hewa ya chumvi huingia kwenye ncha ambazo hazikuzibwa. Ukibadilisha dirisha mara mbili ndani ya miaka ishirini, umelipa 660,000, na hapo hujamlipa fundi wa kubomoa na kupiga plasta upya.

Dalili huanza kwenye pembe za chini na pale palipochomelewa. Gonga kwa bisibisi: chuma kizima hulia, kilichooza kinabonyea. Plasta ikipasuka kando ya fremu, jua kutu imevimba na inaisukuma.

Paipu ya gavanaizi? Inasaidia, lakini moto wa kuchomelea huunguza zinki kwenye kila kiungo. Kiungo kikiachwa bila kusafishwa na kupakwa rangi yenye zinki, ulinzi uliolipia umekwisha pale pale ulipouhitaji.

"Mbao pwani huoza na huliwa na mchwa"

Mbao gani? Chumvi yenyewe haiidhuru sana mbao. Wabaya wake ni maji yanayotuama, jua na mchwa, na mvule au mninga hustahimili vizuri ilimradi upate moyo wa mti. Ile sehemu nyeupe ya pembeni huliwa hata kama mti ni mvule, na mafundi wengine huificha kwa vanishi nzito ya rangi ya kahawa. Omba kuona mbao kabla haijapakwa chochote.

Mninga hautanuki wala kusinyaa ovyo, kwa hiyo dirisha halikwami wakati wa masika. Lakini ununue iliyokauka, na uikinge sehemu ya chini: kizingiti kiinamie nje, na ncha zilizokatwa zipakwe rangi kabla ya kuunganishwa, kwa kuwa maji hupenyea huko. Misumari ya kawaida itatoa kutu na madoa meusi. Gharama ya mwanzo mara nyingi ndiyo ya juu kuliko zote, hasa ukiongeza grili.

"Dirisha lililo chini ya baraza liko salama"

Hili huwashangaza wengi. Mvua huosha chumvi. Dirisha lililokingwa na paa pana linapokea upepo wa bahari bila kuoshwa, kwa hiyo chuma na alumini huweza kuharibika upesi zaidi hapo kuliko ukutani kunakonyesha. Dawa yake ni ndoo ya maji yasiyo na chumvi na kitambaa, mara moja kwa mwezi wakati wa kusi. Kwa mbao ni kinyume: barazani ndipo inapodumu.

Ndiyo maana sioni sababu ya nyumba nzima kuwa na aina moja. Mimi ningeweka alumini ya anodaizi yenye skrubu za 316 upande wa bahari, mninga barazani kama mfuko unaruhusu, na chuma nyuma, kwenye stoo na jiko, ambako fundi rangi anafika bila ngazi.