Herufi mbili bila irabu: kuchagua maneno ya mkato ya upau wa anwani

Kazi yangu ni kusaidia watumiaji wa kompyuta maofisini, na nikikaa nyuma ya mtu akitafuta kitu huwa naangalia vidole vyake. Wengi hupita njia moja: wanafungua kichupo kipya, wanaandika jina la tovuti, wanasubiri ifunguke, wanatafuta kisanduku cha utafutaji kwa macho, wanabofya ndani yake, halafu ndipo wanaandika kile walichokuja nacho. Ilhali kivinjari kinaweza kupelekwa moja kwa moja kwenye ukurasa wa matokeo ukikipa neno fupi na kile unachotafuta, vyote katika upau wa anwani.

Mimi nikiandika `wk chumvi` na kubonyeza Enter, ninatua kwenye makala ya Wikipedia ya Kiswahili. `wk` ni neno nililolitunga mwenyewe. Kulitengeneza ni kazi ya dakika moja. Kulichagua vizuri ndiko kunakowashinda watu, na hasa sisi tunaotafuta kwa Kiswahili, kwa sababu nitakayoieleza baada ya kuonyesha jinsi linavyotengenezwa.

Kila kitu kinaanzia kwenye anwani. Tovuti nyingi, ukitafuta jambo, huliweka neno lako ndani ya anwani ya ukurasa wa matokeo. Kwa hiyo nenda kwenye tovuti unayoitaka na utafute maneno mawili ambayo utayatambua mara moja ukiyaona, tuseme "jiwe maji". Nasisitiza yawe mawili, maana hapo utaona pia tovuti inavyoandika nafasi iliyo kati ya maneno. Matokeo yakija, usiyasome. Tazama juu kwenye anwani. Kwenye Wikipedia unaweza kukutana na kitu kama hiki:

```
https://sw.wikipedia.org/w/index.php?search=jiwe+maji&fulltext=1&ns0=1
```

Maneno yako ni yale yaliyo baada ya `search=`. Vipande vinavyofuata, kila kimoja kikiwa kimetanguliwa na alama ya `&`, ni maagizo ya ziada. Futa kimoja, bonyeza Enter, uone kama matokeo bado yanakuja. Yakija, kipande hicho hukihitaji. Endelea hivyo mpaka ubaki na anwani fupi kuliko zote inayofanya kazi, kisha weka `%s` mahali pa maneno yako:

```
https://sw.wikipedia.org/w/index.php?search=%s
```

Usiiruke hatua ya kupunguza. Anwani ndefu huwa imebeba vitu vya muda, kama namba ya ukurasa wa matokeo uliokuwa ukiusoma. Ukiihifadhi pamoja na namba hiyo, kila utafutaji wako utaanzia ukurasa wa tatu, nawe utabaki ukidhani tovuti ina matokeo mabaya.

Katika mfano huu kupunguza kunakupa na kitu kingine. Bila `fulltext=1`, Wikipedia hukupeleka moja kwa moja kwenye makala kama kuna yenye jina ulilolitaja sawasawa, na isipokuwepo ndipo inakupa orodha. Ukiiacha `fulltext=1`, utapata orodha kila mara. Zote mbili zina matumizi yake, kwa hiyo mimi ninayo `wk` ya kurukia makala, na `wkk` ya kuona kila mahali neno lilipotajwa.

Kuihifadhi ni rahisi. Kwenye Chrome andika `chrome://settings/searchEngines`, shuka hadi sehemu ya `Site search`, bofya `Add`. Kuna nafasi tatu za kujaza: jina, neno la mkato, na ile anwani yenye `%s`. Edge wana ukurasa kama huo kwenye `edge://settings/searchEngines`. Kwenye Firefox mimi hutumia alamisho: hifadhi ukurasa wowote kama alamisho, fungua maktaba kwa Ctrl+Shift+O, chagua alamisho hiyo, ubadilishe anwani yake iwe ile yenye `%s`, na kwenye `Keyword` andika neno lako. Kwenye simu mambo ni tofauti. Chrome ya Android haina fomu hiyo, kwa hiyo haya yote nayasemea kompyuta.

Sasa turudi kwenye kuchagua neno.

Watu wengi hufuata silabi ya kwanza ya kile wanachokikumbuka. Tovuti ya nyaraka, wanaiita `na`. Ya wateja, `wa`. Ya nyumbani kwa kampuni, `nyu`. Tatizo ni kwamba Chrome, isipobadilishwa, huliwasha neno la mkato kwa kitufe cha Tab na pia kwa kitufe cha nafasi. Firefox nayo huangalia neno la kwanza linalofuatwa na nafasi. Sasa fikiria mtu mwenye neno la mkato `ni` anapotaka kujua jambo la kawaida kabisa, akaandika "ni nini husababisha kwikwi". Akishaandika "ni" na nafasi, kivinjari kimeshakata shauri: maneno "nini husababisha kwikwi" yanapelekwa kutafutwa kwenye tovuti ya kazini. Anaona "hakuna matokeo" na anarudia, na anarudia tena. Nimewahi kuitwa kwa malalamiko kwamba "intaneti imeharibika", na kilichokuwa kimeharibika kilikuwa hicho tu, neno `ya` lililowekwa na aliyetumia kompyuta hiyo kabla yake.

Kiswahili kimejaa maneno mafupi ya silabi moja: na, ya, wa, ni, je, si, la, kwa. Ndiyo hayohayo yanayofungua maswali yetu. Lakini Kiswahili pia kina sifa moja inayotuokoa: hatuna neno kamili linaloandikwa bila irabu. Kwa hiyo neno la mkato lenye konsonanti mbili au tatu peke yake halitagongana na sentensi yoyote ya kawaida. `wk` kwa Wikipedia, `brp` kwa barua pepe, `rmn` kwa ramani, `kmb` kwa kumbukumbu za shughuli. Unachukua neno unalolijua na kuling'oa irabu, na vidole huzoea haraka kwa sababu bado unalisikia neno lenyewe kichwani.

Cha kuangalia ni vifupisho tu. `km` nilikuwa nayo kwa kamusi, mpaka siku niliyotaka kubadilisha kilomita kuwa maili na nikaanza kwa kuandika "km 42 ni maili ngapi". Niliibadilisha ikawa `kms` na haijanisumbua tena.

Ikitokea bado neno lako linakunasa, kuna njia za kutoka bila kulifuta. Kwenye Chrome, neno likishawaka, sehemu ya kushoto ya upau huonyesha jina la tovuti uliyoitaja. Ukibonyeza kitufe cha kufuta nyuma hapo hapo kabla hujaandika kingine, jina linaondoka na maandishi yako yanarudi kuwa ya kawaida. Ukianza na alama ya `?` kivinjari hutumia mtambo wako wa kawaida wa kutafuta. Na kwenye ukurasa uleule wa mipangilio ya Chrome unaweza kuamua kwamba ni Tab pekee inayowasha. Mimi nimebaki na kitufe cha nafasi, kwa sababu herufi zangu hazigongani na kitu, na kidole gumba tayari kiko pale.

Jina lile la tovuti upande wa kushoto nakuomba ujifunze kulitazama kabla ya Enter, kwa sababu kosa la upande wa pili ni zito zaidi. Neno lisipowaka, kivinjari hakikuambii lolote. Kinachukua mstari mzima na kuupeleka kwenye mtambo wa kutafuta. Wakati fulani nilikuwa natumia neno la mkato kufungua faili za wateja katika mfumo wa ndani wa ofisi, na nikakosea herufi moja. Jina kamili la mteja na namba yake ya simu vikaenda kutafutwa mtandaoni, vikabaki pia kwenye historia ya kivinjari. Kilichotumwa hakirudi. Tangu hapo, kwa mifumo yenye habari za watu, natafuta kwa namba ya faili tu, ambayo nje ya mfumo ule haimaanishi kitu. Kwenye Firefox cha kutazama ni mstari wa kwanza chini ya upau: alamisho yako inapaswa kuonekana hapo pamoja na ulichoandika.

Zipo tovuti ambazo hazikubali kabisa. Unatafuta "jiwe maji", matokeo yanakuja, na anwani haijabadilika hata herufi. Hiyo ina maana fomu inatuma maneno yako pembeni, si ndani ya anwani, na `%s` haina pa kukaa. Mifumo ya zamani ya ofisini huwa hivyo mara nyingi. Hapo ninachofanya ni kuweka neno la mkato lisilo na `%s`, linalofungua ukurasa wenye fomu tu. Sikupata ninachokitaka chote, lakini nimeokoa nusu ya njia.

Tatizo jingine huonekana pale `%s` inapokaa ndani ya njia ya anwani badala ya baada ya alama ya sawasawa. Mfano ni GitHub, ambako mradi hufunguliwa kwa jina la mwenyewe, mkwaju, kisha jina la mradi. Alamisho ya Firefox yenye `https://github.com/%s` ukiipa `mozilla/pdf.js`, mkwaju ule hugeuzwa kuwa `%2F` na unapata ukurasa wa kosa. Dawa yake ni herufi kubwa:

```
https://github.com/%S
```

`%S` huiambia Firefox iyapitishe maandishi kama yalivyo, bila kuyageuza. Itumie hapo tu. Penye utafutaji wa kawaida baki na `%s` ndogo, maana ukitafuta kitu chenye `&` ndani yake, maandishi yasiyogeuzwa yatakatwa katikati.

Ninayoitumia kuliko zote kwa siku ni hii ya barua pepe za Gmail:

```
https://mail.google.com/mail/u/0/#search/has:attachment+%s
```

Hapa sikuishia kwenye `%s`. Nimetanguliza sharti la kudumu kwamba barua iwe na kiambatisho, kwa kuwa mara tisa kwa kumi ninachokitafuta ni hati iliyotumwa, si maneno yaliyoandikwa. `0` ni akaunti ya kwanza niliyoingia. Mwenye akaunti mbili ataweka `1` kwa ile ya pili na kuipa neno lake. Ninaandika `brp mkataba`, nabonyeza Enter, na mikataba yote niliyowahi kutumiwa iko mbele yangu.