Kwa nini watu huuza hisa bei ikiwa chini kabisa?

"Je, ni kwa nini mtu anayejua kuuza na kununua dukani kwake hununua hisa zikiwa ghali na kuziuza zikiwa zimeanguka?"

Mara nyingi chanzo si hofu ya siku ya kuuza, bali ni faida iliyotangulia. Tuchukue mfano wa kubuni wa mama mmoja muuza leso katika Barabara ya Biashara, Mombasa, ambaye mwaka 2006 alinunua hisa za KenGen, kampuni ya serikali ya kuzalisha umeme, kwa shilingi 11.90 kila moja. Siku ya kwanza sokoni bei ilipanda zaidi ya mara mbili, naye, kama wengi wa wakati ule, akaona kwamba ana jicho la kuchagua hisa. Ukweli ni kwamba serikali ilikuwa imeziuza kwa bei nafuu, na karibu kila aliyezipata alifaidika. Bahati iliyoangukia kila mtu haithibitishi ustadi wa mtu yeyote, lakini akili ya binadamu huihesabu kuwa ustadi wake mwenyewe, na hapo ndipo kujiamini kupita kiasi kunapozaliwa.

Mwaka 2008 serikali iliuza robo ya Safaricom kwa shilingi 5 kila hisa, na watu wengi walikopa benki ili waombe nyingi zaidi. Maombi yalizidi mno hisa zilizokuwapo, hivyo wengi walipewa sehemu ndogo tu ya walichoomba. Tuseme mama yetu alipata hisa 4,000, yaani za shilingi 20,000, kwa fedha za mkopo. Bei ilipanda mwanzoni, kisha msukosuko wa fedha duniani ukaikumba, na kufikia mapema mwaka 2009 ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 3. Akiuza kwa 3 anapata 12,000, na baada ya kukata ada ya dalali na ya soko, tuikadirie asilimia 2, anabaki na 11,760. Deni la benki halikupungua hata senti.

Kwa nini asingoje? Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba hasara huuma kuliko faida ya kiasi kile kile inavyofurahisha, na makadirio yao ya baadaye yaliweka uzito wake takriban mara mbili. Kila anapotazama bei, maumivu hayo hurudi upya, na kuuza huonekana kuwa ndiyo njia pekee ya kuyakomesha. Mkopo ulimzidishia shinikizo, kwa sababu tarehe ya marejesho haingoji soko lipate nafuu. Kwa maoni yangu, mkopo ndio uliouza hisa zake. Hofu ilikuwa mjumbe tu.

Hisa hiyo hiyo ilipita shilingi 40 mwaka 2021, kisha ikashuka chini ya 15 mwaka 2023, hivyo walioingia kileleni walijikuta mahali pale pale aliposimama yeye mwaka 2009.

Kanuni ya kwanza inayofaa hapa ni kutonunua hisa kwa fedha za mkopo, wala kwa fedha zitakazohitajika kwa karo au kodi ya nyumba katika miaka michache ijayo. Ya pili ni kuandika karatasini, kabla ya kununua, sababu ya kununua na jambo litakalomfanya mnunuzi auze, na jambo hilo liihusu biashara yenyewe, si bei peke yake. Moyo ukimwenda mbio, aisome karatasi, kisha alale siku tatu kabla ya kumpigia dalali simu. Anayeona kuwa kanuni hizi ni za wanaoanza tu na azingatie utafiti wa Brad Barber na Terrance Odean uliochapishwa mwaka 2000 kuhusu wateja wa dalali mmoja wa Marekani: waliouza na kununua mara nyingi zaidi walipata asilimia 11.4 kwa mwaka, wakati soko lilipata 17.9. Ada na uhakika usio na msingi vilikula tofauti hiyo.

Hata hivyo, kungoja si dawa ya kila anguko. Waliong'ang'ania hisa za Mumias Sugar waliishia kuona kampuni ikiwekwa mwaka 2019 chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa ili wadai walipwe. Kwa hiyo karatasi ile itaje dalili zinazosomeka kwenye hesabu za kampuni: madeni yanayokua huku mauzo yakipungua, uendeshaji unaotumia fedha taslimu nyingi kuliko unazoingiza kwa miaka miwili mfululizo, au mkaguzi anayeandika kwamba ana shaka iwapo kampuni itaendelea na biashara. Bei ikianguka na hakuna hata moja kati ya hayo, siku tatu zile zinatosha kuutuliza moyo, wala hana sababu ya kuuza. Yakiwapo, auze hata kama ni kwa hasara. Na kwa kuwa anaweza kuzisoma dalili hizo vibaya, asiweke zaidi ya sehemu moja ya kumi ya akiba yake katika kampuni moja.