Ukuta wa Katikati: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli Kabla ya Kuunganisha Sebule na Chumba cha Chakula

Mwaka huu pekee nimeitwa mara kadhaa, hapa Mbeya na mara moja Iringa mjini, kwa ombi lile lile. Familia ina nyumba ya miaka ishirini au zaidi, imejengwa kwa tofali za kuchoma, na sasa wanataka sebule, chumba cha chakula na pengine jiko viwe nafasi moja kubwa. Fundi ameshafika, nyundo iko mkononi. Nitaeleza dhana ninazozikuta kwa kupitia nyumba moja iliyoko Uyole, kwa sababu karibu zote zilikuwepo mle.

Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu. Ukuta wa kati ya sebule yake na chumba cha chakula una urefu wa mita 4.2 na unene wa tofali moja, kama sentimita 23. Una mlango mmoja wa sentimita 90. Alitaka mlango huo ugeuke uwazi wa mita 3.6.

Dhana: "Juu hakuna ghorofa, kwa hiyo ukuta wa ndani haubebi kitu"

Fundi wake alilisema hili kwa uhakika kabisa. "Mzee, huu ni wa kugawa vyumba tu. Juu ni bati."

Nikaomba ngazi, tukapanda darini na tochi. Nyumba ina upana wa mita 8, na ukuta ule umekaa katikati, chini ya kilele cha paa. Kenchi ni za mbao za paini, mbili kwa nne, na kila kenchi ina nguzo ya mbao iliyoshuka moja kwa moja mpaka juu ya ukuta wa kati. Aliyezipiga alijua kuna ukuta pale, akautumia. Ndiyo maana hakuhangaika kuunga kenchi ziweze kuvuka mita 8 bila msaada: kwake ilikuwa ni mita 4 na mita 4. Ukiuondoa ukuta, kila kenchi inatakiwa ghafla kuvuka umbali ambao haikuundwa kuuvuka. Haitaanguka siku hiyo. Itashuka kidogo kidogo, siling bodi itapasuka kwenye maungio, bati litaanza kukusanya maji bondeni, na ncha za chini za kenchi zitasukuma kuta za nje zitoke.

Kuna kenchi zinazovuka nyumba nzima zenyewe, zimekaa kwenye kuta mbili za nje tu, na hapo ukuta wa ndani unaweza kweli kuwa wa kugawa. Darini unaona nafasi au kabari nyembamba kati ya kenchi na ukuta. Huwezi kuzitofautisha nyumba hizi mbili ukiwa umesimama sebuleni, na kugonga ukuta kusikiliza mlio hakukuambii lolote kwa tofali za kuchoma. Panda darini, kisha chimba kashimo kadogo chini ya ukuta. Ukikuta msingi wa mawe unaoshuka ardhini, aliyejenga aliutarajia ukuta ule ubebe. Ukiwa umekaa juu ya jamvi la sakafu tu, huenda ni wa kugawa, lakini dari ndiyo yenye neno la mwisho.

Dhana: "Linta imezunguka nyumba nzima, itashika"

Hii ndiyo inayonisumbua zaidi, maana ina nusu ya ukweli. Linta imezunguka kweli, na kazi yake kubwa ni kufunga kuta zote pamoja kama mkanda. Juu ya mlango inabeba pia, lakini umbali ni sentimita 90 tu, na tofali zilizo juu yake zinajipinda kama tao na kupeleka sehemu ya uzito pembeni.

Uwazi wa mita 3.6 ni mlango ule mara nne. Watu hudhani basi mzigo wa kupinda nao ni mara nne. Sivyo. Kwa uzito ule ule kwa kila mita, nguvu ya kupinda hukua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo ni mara 16. Kushuka kwa katikati hukua kwa kipeo cha nne cha umbali, kwa hiyo ni mara 256. Linta ambayo juu ya mlango ilishuka kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, juu ya mita 3.6 itaonekana na kila mgeni.

Tulipasua kipande kidogo cha zege. Linta ilikuwa na kina cha sentimita 20, nondo mbili laini za milimita 10 chini na mbili juu. Mbaya zaidi, tulikuta nondo zimeungwa karibu na katikati ya pale ambapo uwazi ungekuwa. Hilo si kosa la aliyejenga. Pale palikuwa na ukuta chini yake, linta haikutarajiwa kupinda, hivyo kuunga popote kulimfaa.

Sasa uzito. Linta yenyewe ni kama kilo 110 kwa kila mita. Kozi tatu za tofali juu yake ni nyingine 110. Paa, siling bodi, na mafundi watakaopanda kurekebisha bati, kwa upana wa mita 4 unaoegemea ukuta huu, nilihesabu kilo 400. Jumla ni kilo 620 kwa mita, yaani zaidi ya tani 2 kwa uwazi wote wa mita 3.6. Kwa nondo zile laini, linta ilikuwa na uwezo wa karibu theluthi moja tu ya nguvu ya kupinda ninayotakiwa kuihesabia pamoja na akiba ya usalama.

Dhana: "Weka bimu nzito, tatizo limekwisha"

Mwalimu alinisikiliza, akasema, "Basi mwanangu, tuweke bimu kubwa." Ni sawa, ila bimu haiondoi uzito. Inauchukua uliokuwa umesambaa kwenye mita 3.6 za ukuta na kuugawa ncha mbili, zaidi ya tani moja kila ncha. Uwazi wa mita 3.6 ungeacha vipande vya ukuta vya sentimita 30 kila upande vya kubeba hayo yote.

Na ukuta ule ulikuwa umejengwa kwa tope kati ya tofali, na saruji imepakwa kwenye mistari ya nje tu, kama zilivyo nyumba nyingi za tofali za kuchoma kwenye mikoa yetu. Tope linabeba vizuri likiwa limesambaziwa mzigo. Ukilikusanyia tani moja mahali padogo, linasagika. Dalili yake ni nyufa za wima chini kidogo ya ncha ya bimu, kisha plasta inajibenua. Chini zaidi kuna msingi, na udongo wa Uyole una majivu ya volkano na mawe mepesi yanayobonyea. Mzigo ukikusanywa, upande mmoja unaweza kushuka kuliko mwingine.

Tukakubaliana uwazi uwe mita 3.0, zibaki sentimita 60 kila upande. Ndani ya kila kipande tulisimamisha nguzo ya zege, sentimita 23 kwa 30, kila moja juu ya kitako chake cha sentimita 70 kwa 70. Linta na kozi tatu za juu yake tuliziondoa, na bimu mpya ikachukua nafasi hiyo yote: kina cha sentimita 45, nondo tatu za mkunjo wa milimita 12 chini, mbili juu, na ringi za milimita 8 kila baada ya sentimita 20. Nondo za linta ya zamani zilizobaki pande zote mbili zilifungwa ndani ya bimu ili mkanda wa nyumba usikatike. Kwa kuwa bimu ilipanda juu badala ya kushuka, kimo cha mita 2.1 cha mlango hakikupungua.

Kabla ya tofali moja kutoka, kenchi zilishikwa pande zote mbili za ukuta kwa mirunda iliyosimama juu ya mbao pana, imekazwa kwa kabari. Kazi ilikuwa Julai. Usiku wa Mbeya mwezi huo zege hukomaa polepole kwa baridi, kwa hiyo mirunda ilikaa siku 28, ingawa fundi alitaka kuitoa siku ya saba.

Kuna sababu nyingine ya kuziacha zile sentimita 60. Ukuta wa ndani unashika kuta ndefu za pembeni zisiyumbe. Sisi tunakaa ndani ya Bonde la Ufa. Tetemeko la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910 lilikuwa na ukubwa wa karibu 7.4, na Bukoba mwaka 2016 tuliona ukubwa wa 5.9 ulivyobomoa nyumba za tofali. Ukuta mrefu usio na wa kuukingama ndio wa kwanza kutoka.

Dhana: "Yangu ina nguzo, naweza kubomoa popote"

Uliza nini kilitangulia. Kama tofali zilijengwa kwanza zikiachiwa meno, kisha zege likamwagwa katikati ya meno hayo, nguzo zile zinafunga kuta lakini mbebaji bado ni ukuta. Nyumba nyingi mpya za Mbeya ziko hivi. Kama nguzo zilisimama kwanza juu ya vitako vyao, bimu za kina cha sentimita 35 au 45 zikamwagwa juu yake, na tofali zikaja baadaye kujaza, hapo ni fremu. Mara nyingi utaona mstari ulionyooka kati ya nguzo na ukuta, na juu ya kozi ya mwisho udongo wa saruji ulioshindiliwa chini ya bimu.

Kwenye fremu ukuta wa kujaza unatoka bila paa kujua. Lakini nguzo inabaki pale pale ilipo, na kwa kawaida kila mita 4 au 5 kuna nyingine. Anayetaka ukumbi wa mita 8 usio na nguzo alitakiwa kulisema siku ya ramani. Na kwenye maghorofa yenye maduka chini, kuondoa kuta zote za kujaza kwenye sakafu ya chini huku za juu zikibaki kunaiacha chini ikiwa legevu kuliko juu. Likija tetemeko, kupinda kote kunakusanyika kwenye nguzo hizo chache.

Mtoto wa mwalimu yule anaanza kujenga Iyunga. Hana fedha ya fremu nzima, nami sikumshauri hivyo. Kuta zake zitabeba, isipokuwa mstari mmoja kati ya sebule na jiko, ambako tumeweka nguzo mbili na bimu tangu msingi. Ukuta utajengwa chini ya bimu hiyo kwa sasa, na siku atakayotaka uwazi atautoa bila mrunda hata mmoja.