Wimbi la elektroni tunalipima kwa rula, la mpira hatulioni: tufuate hesabu

Kwenye maabara tunayofundishia kuna chupa ya kioo ya mviringo, kubwa kama tikiti dogo, ambayo ndani yake hewa imenyonywa yote. Shingoni mwake kuna waya unaopashwa moto ili utoe elektroni, na mbele ya waya huo kuna utando mwembamba sana wa grafiti, yaani kaboni ileile iliyomo kwenye penseli. Elektroni zinasukumwa kwa umeme wa volti elfu kadhaa, zinapenya utando, kisha zinagonga upande wa pili wa chupa uliopakwa dawa inayong'aa. Nazima taa na kupandisha volti polepole. Kwanza linatokea doa la kijani katikati, halafu, zikikaribia volti 3000, pete mbili za kijani zinajitokeza kulizunguka doa lile.

Kila mwaka nawaachia wanafunzi dakika nzima ya kuzitazama tu kabla sijasema neno. Kama elektroni zingekuwa punje tupu, kama mchanga unaopita kwenye chekecheo, zingetawanyika na kuacha ukungu unaofifia taratibu kutoka katikati. Pete zenye giza kati yake hutokea pale tu mawimbi yanapokutana: yanapopandana panang'aa, yanapofutana panabaki giza. Na ili mtu asidhani ni mwanga wa ule waya, nasogeza sumaku ndogo karibu na kioo. Pete zote zinahama pamoja. Mwanga hauhamishwi na sumaku, elektroni zinahamishwa.

Mfaransa Louis de Broglie alipendekeza mwaka 1924, katika tasnifu yake ya udaktari, kwamba kila kitu kinachokwenda kina urefu wa wimbi unaotokana na tungamo lake na mwendokasi wake:

```
λ = h / (m × v)
```

Hapo λ ni urefu wa wimbi, m ni tungamo kwa kilogramu, v ni mwendokasi kwa mita kwa sekunde, na h ni namba ya Planck, 6.626 × 10⁻³⁴. Kanuni haisemi popote kwamba ni ya elektroni peke yake. Kwa hiyo tuitumie kwa elektroni za chupani kwetu, halafu tuitumie kwa mpira wa penalti, tuone inatupeleka wapi.

Tuseme volti ni 4000. Elektroni iliyosukumwa na umeme huo inafikia mwendokasi wa karibu mita milioni 37.5 kwa sekunde, kama moja ya nane ya kasi ya mwanga. Tungamo lake ni kilogramu 9.11 × 10⁻³¹. Ukizidisha hivyo viwili unapata 3.42 × 10⁻²³, na ukigawanya namba ya Planck kwa hicho unapata mita 1.94 × 10⁻¹¹, yaani nanomita 0.0194. Hilo ndilo jibu la karatasini. Sasa tuiulize chupa yenyewe.

Kwenye grafiti atomu zimejipanga kwa safu, na safu zinazotoa pete ya ndani zimeachana kwa nanomita 0.213. Kutoka kwenye utando hadi kwenye kioo ni sentimita 13.5. Nikiweka rula juu ya kioo, pete ya ndani ina kipenyo cha karibu sentimita 2.5, kwa hiyo nusu yake ni 1.25. Pembe zikiwa ndogo namna hii, urefu wa wimbi ukigawanywa kwa nafasi ya safu ni sawa na nusu-kipenyo cha pete kikigawanywa kwa umbali wa kioo. Basi 1.25 gawanya kwa 13.5, zidisha kwa 0.213, unapata nanomita 0.0197. Rula ya plastiki imekubaliana na kanuni ya de Broglie, na tofauti iliyobaki ni unene wa mstari wa pete yenyewe. Nikishusha volti hadi 2500 elektroni zinapungua mwendo, wimbi linarefuka, na pete inatanuka hadi karibu sentimita 3.1. Wanafunzi wengi hutegemea kinyume, kwamba umeme mkubwa utaleta pete kubwa, kwa hiyo naipenda sana sehemu hii.

Kuna kosa ninalolikuta kwenye madaftari mwaka hadi mwaka. Mwanafunzi anachukua nishati ya elektroni na kuiingiza kwenye kanuni ya mwanga, ile inayotumia kasi ya mwanga, c. Kwa volti 4000 inampa nanomita 0.31, mara kumi na sita zaidi ya jibu sahihi. Kanuni hiyo ni ya vitu visivyo na tungamo. Kosa lake unaweza kulitambua bila kufungua kitabu: wimbi refu kiasi hicho lingeitupa pete ya kwanza pembeni kabisa, nje ya sehemu ya kioo inayong'aa, na mwanafunzi mwenyewe ameiona pete ikiwa karibu na katikati.

Waliothibitisha mara ya kwanza kwa fuwele moja kwamba elektroni zina wimbi, Clinton Davisson na Lester Germer wa New York, walisaidiwa na ajali. Mwaka 1925 hewa iliingia kwenye chombo chao nikeli ikiwa moto, ikapata kutu. Walipoipasha moto mkali kwa muda mrefu ili kuisafisha, vijifuwele vingi vya nikeli viliungana vikawa vikubwa vichache, na elektroni zikaanza kuruka kwa pembe maalumu badala ya kutawanyika ovyo. Wakaendelea na fuwele moja, na mwaka 1927, kwa elektroni za volti 54, walipima nanomita 0.165 pale ambapo kanuni ilisema 0.167.

Sasa mpira. Mpira wa miguu una tungamo la gramu 430 hivi, na penalti iliyopigwa vizuri huenda mita 25 kwa sekunde, sawa na kilomita 90 kwa saa. Hapa angalia vipimo, maana anayeandika 430 badala ya 0.43 anakosea mara elfu. Zao la tungamo na mwendokasi ni 10.75, na urefu wa wimbi unatoka mita 6.2 × 10⁻³⁵.

Tusiiache namba hii ipite kama namba nyingine. Protoni, mojawapo ya punje zinazounda kiini cha atomu, ina upana wa kama mita 1.7 × 10⁻¹⁵. Wimbi la mpira ni dogo kuliko protoni kwa zaidi ya mara 10¹⁹. Lakini udogo huo peke yake haujajibu swali. Hata wimbi la elektroni ni dogo kuliko atomu, na bado tumelipima kwa rula.

Jibu liko kwenye nafasi ambayo wimbi linapita. Mtu akizungumza chumba cha pili, mlango ukiwa wazi, unamsikia ingawa humwoni. Mawimbi ya sauti yake yana urefu wa kama mita moja, karibu sawa na upana wa mlango, kwa hiyo yakitoka mlangoni yanapinda na kuenea kila upande. Mawimbi ya mwanga ni mafupi kuliko mlango mara zaidi ya milioni, kwa hiyo mwanga unapita moja kwa moja na kivuli kinabaki na ukingo mkali. Pembe ya kupinda inafuata uwiano wa urefu wa wimbi kwa upana wa nafasi. Elektroni zetu zina wimbi la 0.0194 na safu za grafiti zimeachana kwa 0.213, uwiano wa karibu moja kwa kumi na moja. Pembe hiyo ni kubwa, jicho linaiona. Hatukulazimika kuichonga nafasi hiyo, atomu zimejipanga hivyo zenyewe.

Mpira tuupe nafasi gani? Nafasi yoyote lazima iwe pana kuliko mpira, na mpira una kipenyo cha sentimita 22. Tuchukue tundu la sentimita 22 kamili, ambalo mpira unapita ukilisugua. Uwiano ni 6.2 × 10⁻³⁵ kwa 0.22, sawa na pembe ya 2.8 × 10⁻³⁴. Basi tuweke pazia la kupokea mipira mbali kabisa, upande wa pili wa ulimwengu wote unaoonekana, ambao una kipenyo cha kama miaka ya nuru bilioni 93. Baada ya safari hiyo nzima, wimbi la mpira litakuwa limepinda kwa robo ya maikromita. Unywele wa kichwani ni mnene kuliko hapo karibu mara mia tatu, na mpira wenyewe bado una sentimita zake 22.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza: kama v iko chini ya mstari wa kugawanya, si tuupunguze mwendo mpira mpaka wimbi lirefuke? Ni swali zuri, na kanuni inaruhusu. Ili wimbi la mpira lifikie sentimita 22, mwendokasi unatakiwa uwe mita 7 × 10⁻³³ kwa sekunde. Kwa mwendo huo, mpira ulioanza safari ulimwengu ulipoanza, miaka bilioni 13.8 iliyopita, ungekuwa umesogea hadi leo kwa umbali wa kama upana wa kiini cha atomu. Na hewa ya chumbani haitauacha utulie hivyo. Molekuli zinazougonga kila upande zinautikisa kwa kama mita 10⁻¹⁰ kwa sekunde, mtikisiko ambao jicho halioni, lakini unazidi mwendo tunaoutaka mara 10²² na zaidi.

Simaanishi kwamba kuna mstari umechorwa mahali fulani, kwamba kitu kikivuka tungamo hili wimbi linakoma. Mwaka 1999 watafiti wa Vienna, kundi la Anton Zeilinger, walipitisha molekuli za atomu 60 za kaboni, zenye umbo la mpira hasa, kwenye matundu yaliyoachana kwa nanomita 100. Wimbi la molekuli hizo ni la pikomita 2.5 hivi, kwa hiyo pembe ni ndogo sana, lakini baada ya mita moja na robo michirizi ilikuwa imeachana kwa maikromita 31, na kifaa chao kiliweza kuitofautisha. Mwaka 2019, hukohuko Vienna, walifika kwenye molekuli za atomu karibu 2000.

Kinachowasumbua kwenye molekuli kubwa si pembe peke yake. Molekuli ikiwa moto mno hutoa mwanga wa joto, na mwanga huo unatosha kuonyesha molekuli ilipita tundu lipi. Hapo michirizi inafifia mpaka inafutika. Walilipima jambo hilo kwa kupasha moto molekuli za kaboni kwa makusudi. Mpira uliolala uwanjani jioni, hata ukiushika ukauona wa baridi, unatoa mwanga wa joto wa namna hiyo kila sehemu ya sekunde, kutoka kila upande wa ngozi yake.