Taa za onyo zinazowaka na kupotea: pima waya wa hasi kabla ya kununua sensa

Kwa nini taa za ABS na usukani zinawaka nikikata kona kuegesha gari usiku, halafu nikizima na kuwasha tena zinapotea kama hakukuwa na kitu?

Mara nyingi kilicho kibovu hapo si breki wala usukani, bali njia ya umeme inayovilisha vyote viwili. Kibanio cha betri kimelegea, au waya wa ardhi, ule ambao mafundi wengi huuita waya wa bodi, umeshika kutu pale ulipofungwa. Umeme unapita, lakini haupiti vizuri wakati wote. Kompyuta ya ABS na ya usukani zinakosa volti kwa sekunde moja, zinawasha taa, kisha volti zinarudi.

Gari huokoa nyaya kwa kutumia bodi yenyewe kama waya wa kurudia. Taa kubwa, feni ya ndani, kompyuta na mota ya usukani hupata chanya kwa waya, kisha umeme unarudi kwenye hasi ya betri kwa kupitia bati la gari. Ili urudi, lazima kuwe na nyaya nene zinazounganisha hasi ya betri na bati hilo, na bati hilo na injini. Magari mengi yana mpangilio huu: waya mnene unatoka hasi kwenda kwenye giaboksi au bloku ya injini, mwembamba zaidi unatoka hasi kwenda kwenye bodi, na mkanda wa shaba iliyosukwa unaunganisha injini na bodi. Ukiujua mpangilio huu, nusu ya kazi imekwisha.

Gari langu lilinifundisha somo hili kwa gharama. Stata ilizungusha injini kwa nguvu kila asubuhi. Betri ilipimwa ikaonekana nzima, na altaneta ilitoa volti 14.2. Lakini usiku, nikiwa na taa kubwa na feni, nikizungusha usukani taratibu kuingia sehemu ya kuegesha, taa ya usukani iliwaka na ya ABS ikafuata. Mashine ya kusomea kodi, yaani namba za makosa ambazo kompyuta za gari huandika, ilionyesha kodi ya sensa ya gurudumu, na fundi mmoja akabadilisha sensa. Siku nne baadaye taa zilirudi.

Stata ndiyo iliyotupotosha. Tuliona kwamba ikizunguka vizuri basi umeme uko sawa. Lakini umeme wa stata unarudi kwa ule waya mnene wa injini, haupiti kwenye waya wa bodi hata kidogo. Stata inaweza kuwa na nguvu za kutosha huku bodi nzima ikidai volti. Kinyume chake pia kipo: taa zote zikiwa kali na stata ikijikokota, utazame waya wa injini kwanza.

Sasa hesabu, na ni fupi. Kipimo tunachokitafuta ni volti zinazopotea njiani. Umeme ukipita kwenye kiungo kibovu, sehemu ya volti inabaki hapo kama joto, na kinachofika kwenye kompyuta ni kile kilichosalia. Nilizima injini, nikaacha ufunguo umewashwa, nikawasha taa kubwa na feni hadi mwisho. Vitu hivyo pamoja vilikuwa vinakula ampea 30 hivi. Mita niliiweka kwenye volti za mkondo mnyoofu, ncha moja nikaibana kwenye kichwa cha risasi cha hasi ya betri, chenyewe, si kwenye kibanio kilichokizunguka. Ncha ya pili niliigusisha kwenye chuma kitupu cha bodi. Mita ilisoma 0.6. Njia nzuri ingesoma chini ya 0.1.

Volti 0.6 haiwashi taa ya onyo peke yake. Nilipoushika waya wa bodi na kuutikisa kidogo, mita iliruka hadi 2.1, ikarudi 0.6, ikapanda tena. Hapo ndipo kilipokuwa kitendawili chote. Volti 0.6 kwa ampea 30 ni ukinzani wa omu 0.02. Volti 2.1 ni omu 0.07. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuiwazia, lakini mota ya usukani ikizungushwa gari likiwa limesimama huweza kunyonya ampea 50 kwa kitambo kifupi. Jumla inakuwa 80. Kwa omu 0.02 unapoteza volti 1.6, na kompyuta bado inabaki na 12.6, haioni tatizo. Kwa omu 0.07 unapoteza 5.6, na katika zile 14.2 zinabaki 8.6. Kompyuta nyingi za magari huanza kulalamika volti zikishuka hadi 9 au 10. Taa inawaka. Usukani ukinyooka, mzigo unapungua, volti zinapanda.

Kwa hiyo taa kuwaka na kuzimika kunahitaji vitu viwili vikutane: kiungo kinachocheza na mzigo mkubwa kwa wakati mmoja. Tuta hutikisa kiungo, joto la injini hukitanua, na kona ya kuegesha huleta mzigo. Ukipita tuta lilelile mchana bila taa wala feni, huoni kitu, na ukimpelekea fundi gari, kama kawaida, halionyeshi chochote.

Taa kupotea baada ya kuzima na kuwasha kuna sababu yake. Kila unapowasha, kompyuta hizo hujipima upya. Zikikuta volti nzuri na sensa zinajibu, nyingi huzima taa yake, ila kosa linabaki limeandikwa kwenye kumbukumbu. Taa ya mifuko ya hewa ina tabia ya ukaidi zaidi, mara nyingi haizimiki hadi kodi ifutwe kwa mashine. Mwombe basi fundi akusomee kodi za kompyuta zote, pamoja na zile za zamani ambazo hazina taa iliyowaka. `P0562` maana yake volti za mfumo ziko chini. `U0121` maana yake kompyuta nyingine haikuipata ile ya ABS kwenye mawasiliano. Kodi moja inayorudi kila mara kwa gurudumu lilelile huelekea kuwa ni sensa au waya wake. Kodi nyingi za vitu visivyohusiana, zilizoandikwa kwa wakati mmoja, humaanisha kwamba kile wanachoshirikiana ndicho kibovu, nacho ni umeme au ardhi.

Ipo dalili nyingine isiyohitaji mashine. Saa ya dashibodi au stesheni za redio zikijifuta pale unapowasha stata, umeme wa betri ulikatika kwa muda, na kibanio cha betri ndicho cha kwanza kushukiwa. Kishike kwa mkono injini ikiwa imezimwa, ukizungushe kwenye kichwa chake. Kikizunguka hata kidogo, kimelegea. Magari mengi yaliyotoka Japani huja na betri ya vichwa vyembamba, na mtu akiweka kibanio cha vichwa vinene, hubana bila kushika. Nimeshaona watu wakijaza pengo kwa msumari au bati la mkebe. Kinashika kwa siku chache, kisha kinagusa sehemu mbili tatu tu, na sehemu hizo zinaungua. Tafuta kibanio cha ukubwa wake, au pete ya risasi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Kwa magari ya zamani yenye mishale, angalia ule wa joto la injini. Ukiwasha taa kubwa na mshale ukapanda hapohapo, injini haijapata joto kwa sekunde moja. Ardhi ya sensa na ya mshale zimetofautiana kwa sababu kiungo cha injini na bodi ni kibovu.

Usidanganywe na mita ikiwekwa kwenye omu. Waya wenye nyuzi 2 zilizobaki kati ya 50 utaonekana mzima, kwa sababu mita hupitisha umeme mdogo mno, na nyaya za mita zenyewe zina ukinzani unaozidi unachotafuta. Ndiyo maana kipimo hufanywa vitu vikiwa vimewashwa.

Nilipojua volti zinapotea, nilisogeza ncha ya pili hatua kwa hatua. Kutoka kichwa cha betri hadi kibanio: 0.01. Hadi mwisho wa waya pale kwenye pete yake: 0.02. Kutoka pete hadi chuma cha bodi: karibu yote iliyobaki. Nikafungua boliti ya namba 10. Chini yake kulikuwa na rangi ya kunyunyizwa, na juu ya rangi kutu ya kahawia. Gari liliwahi kugongwa pembeni, likapakwa rangi, na boliti ikafungwa juu ya rangi hiyo. Mkanda wa shaba wa injini nao nilikuta umening'inia, mtu aliyewahi kushusha giaboksi hakuurudisha. Waya mmoja wenye kutu ulikuwa unabeba kazi ya mbili.

Kuitengeneza hakuhitaji fundi. Fungua hasi ya betri kwanza na uirudishe ya mwisho, kwa sababu spana ikigusa bodi ukiwa kwenye chanya na hasi imeshikwa, utaona cheche na pengine utaungua. Usifungue betri injini ikinguruma ili kupima altaneta, kwani volti zinaweza kuruka na kuziua kompyuta. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa huoshwa kwa maji ya moto yenye soda ya kuokea, usiyaruhusu yaingie ndani ya betri. Sehemu ya bodi isugue kwa msasa hadi chuma king'ae, pete nayo vilevile, kaza boliti, kisha ndipo upake grisi kwa juu. Grisi ikitangulia chini ya pete, umeweka kizuizi kipya.

Nilirudia kipimo baada ya hapo: 0.04. Kodi zilifutwa, na usukani nimeuzungusha usiku mara nyingi tangu hapo, taa na feni zikiwaka. Tahadhari moja tu ya kuongeza: taa nyekundu ya breki ikiwaka, simama upime mafuta ya breki kabla ya kufikiria nyaya, na taa ya betri isiyozimika injini ikiwa inazunguka ni kazi ya altaneta au mkanda wake.